Maji Maangavu, Majibu Mazito: Tunasoma Karatasi ya Kisima cha Chini ya Shule

Hotuba ya fundi sanifu wa maabara ya maji mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, viongozi wa jumuiya ya watumia maji, wazee wetu, akina mama na vijana: wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Karatasi niliyoshika ni majibu ya maji ya kisima cha pampu ya mkono kilichoko chini ya shule. Ina mistari kumi na minne. Kumi na mmoja kati yake sitaisoma mmoja mmoja, kwa sababu haina neno: rangi, chumvi, chuma na vingine vyote viko ndani ya kiwango cha Tanzania. Hata tope ni kidogo mno, ndiyo maana maji haya ukiyatia kwenye glasi unaona hadi ng'ambo. Nitakaa na mistari mitatu iliyobaki. Miwili imevuka kiwango, na mmoja haujavuka ila unatuonyesha kidole.

Kabla sijaisoma, nawaomba mshike jambo hili. Tatizo la kwanza ni vijidudu, na vijidudu vinakufa kwa moto. Tatizo la pili ni madini ya floraidi, na floraidi haifi kwa moto, haitoki kwa klorini, wala haichujwi kwa kitambaa. Nyumba nyingi hapa zinachemsha maji, na mnafanya vema. Lakini mama anayechemsha maji haya akadhani amemaliza kazi, amemaliza nusu.

Tuanze na vijidudu. Kwenye karatasi mstari umeandikwa E. coli, na mbele yake 18 cfu/100 ml. Maana yake ni kwamba katika mililita 100 za maji, ambazo hazijai hata nusu ya kikombe cha chai, tumeotesha na kuhesabu vimelea 18 vya aina inayoishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. E. coli wengi wao hawaumizi mtu. Tunawatafuta kwa sababu ni mashahidi: wakionekana kwenye maji, kinyesi kimefika humo karibuni, na pamoja na kinyesi huweza kuja homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu.

Msidhani uchafu huo ulitoka kwenye mdomo wa bomba au kwenye mikono ya aliyechota sampuli. Pampu ilipigwa dakika tano kwanza, mdomo wa bomba ukafutwa kwa spiriti na kuunguzwa kwa moto, chupa ilikuwa imetakaswa, na ilifika maabara ndani ya kisanduku cha barafu kabla saa sita hazijapita. Kwa hiyo vimelea hivi vilikuwa ndani ya kisima.

Vimeingiaje? Mkienda pale leo, simameni upande wa mlimani wa pampu muangalie pale kitako cha pampu kinapokutana na sakafu ya zege. Kuna ufa unaopita kidole kidogo kwa urefu wa hatua moja. Mwageni ndoo ya maji juu ya sakafu. Maji yaliyotakiwa kuteremkia mtaroni yanakwenda ufani, yanazunguka kidogo, yanatoa povu, kisha yanamezwa. Ndoo nzima inakwisha kabla hujahesabu hadi hamsini. Sasa fikirini ni nini kiko juu ya sakafu hiyo kila siku: miguu iliyopita zizini, ndoo zilizoburuzwa chini, punda wanaosubiri kubebeshwa madumu. Mvua ikinyesha, vyote hivyo vinaoshwa kuingia kisimani bila kupita kwenye udongo ambao ungevichuja.

Hapa ndipo vijiji vingi hukosea mpangilio. Majibu yakija mabaya, watu wanakimbilia klorini. Wanamwaga dawa, wanapima baada ya siku tatu, majibu yanatoka safi, kila mtu anafurahi. Mvua ya kwanza inaporudi, vimelea wanarudi nayo, kwa sababu mlango uko wazi. Anzeni na ufa. Fundi auchimbe kwa tindo upanuke na kushuka sentimita tatu, aondoe vumbi lote, alowanishe kingo, kisha ajaze kwa mchanganyiko wa saruji ndoo moja kwa mchanga safi ndoo tatu. Kiraka hicho kifunikwe gunia na kumwagiwa maji kidogo kila asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji ikikauka haraka kwa jua hupasuka upya palepale. Mtaro nao uzibuliwe na kurefushwa hadi maji yanayomwagika yafike mbali na kisima, na punda wafungwe nje ya uzio.

Baada ya siku hizo saba ndipo dawa. Nitawapa hesabu yake, kwa maana hapa watu hukadiria kwa macho. Kisima chenu kimejengwa kwa pete za zege zenye upana wa mita 1.2, na kamba yenye uzito ilionyesha kina cha maji cha mita 3.5. Hiyo ni karibu lita 4,000. Kwa kuua vijidudu vya kisima kizima tunahitaji miligramu 50 za klorini kwa kila lita, yaani gramu 200 za klorini tupu. Lakini unga mnaouziwa, ule wa kopo lililoandikwa HTH 65%, si klorini tupu. Gawanyeni 200 kwa 0.65, mnapata gramu 308. Pimeni gramu 300 na kidogo kwa mizani ya duka. Kina cha maji kikibadilika, na mwishoni mwa kiangazi kitashuka, pimeni tena na kubadilisha hesabu.

Unga huo utiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji. Unga ndio unaofuata maji. Msimwage maji juu ya unga, maana hulipuka joto na mvuke wake huchoma macho na kifua. Kazi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, na anayekoroga avae glavu. Acheni ndoo itulie nusu saa, kisha mmimine maji ya juu tu kupitia kifuniko cha kukagulia, mkizunguka ili yaoshe kuta. Mashapo meupe ya chini yasiingie. Pigeni pampu hadi harufu ya klorini itoke kwenye mdomo wa bomba, kwa sababu bomba na vipuri vyake vya ndani navyo vinahitaji dawa. Baada ya hapo fungeni mpini kwa kufuli usiku kucha, kwa muda wa saa kumi na mbili.

Asubuhi mnapiga pampu na kumwaga maji, mbali na kijito na bustani za mboga. Pampu ya namna hii hutoa kama lita 15 kwa dakika, kwa hiyo lita 4,000 ni kazi ya saa nne na nusu, na kwa kuwa maji mapya yanaingia huku mnatoa, wekeni watu wa zamu wa siku nzima. Mnaacha pale kipimo cha klorini kinaposhuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Jumuiya iwe na kile kipimo kidogo cha rangi kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Pua peke yake haitoshi, kwa sababu aliyeshinda pale tangu asubuhi hasikii tena harufu.

Hadi majibu mapya yatoke, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote vizuri, au yatiwe kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, kusudi kata na mikono isiingie humo.

Mstari wa pili ni naitreti, na hapa naomba viongozi wa jumuiya wasikilize kwa makini, kwa sababu karatasi inaweza kuwapotosha bila kusema uongo. Imeandikwa NO3-N 8.6. Kiwango chetu cha naitreti ni miligramu 45 kwa lita. Mtu anasoma 8.6, anaona 45, anasema tuko mbali sana. Lakini ile herufi N ya mwisho inamaanisha maabara imehesabu naitrojeni peke yake, bila oksijeni iliyoshikana nayo, ilhali kiwango cha 45 kinahesabu naitreti nzima. Ili vilingane, zidisheni kwa 4.43. Mnapata 38. Kisima hakijavuka, ila kimebakiza miligramu saba tu. Kila mnapopokea karatasi ya maabara, angalieni kwanza hiyo herufi.

Naitreti ya 38 kwenye kisima kifupi haitoki kwenye mwamba. Inatoka kwenye choo cha shimo kilichoko upande wa juu, hatua kama ishirini na tano, na kwenye samadi inayolundikwa karibu na uzio. Samadi isogezwe msimu huu. Choo hicho kikijaa kisichimbwe kingine hapo. Kiende upande wa chini wa kisima, na kisiwe karibu zaidi ya mita 30. Naitreti ikizidi kiwango, mwenye hatari kubwa ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, kwani damu yake hushindwa kubeba hewa na midomo hugeuka bluu. Nayo pia haitoki kwa kuchemsha.

Sasa floraidi, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuomba muda wenu leo.

Karatasi inasema miligramu 3.6 kwa lita. Kiwango ni 1.5. Wazee hapa watakumbuka waliwahi kuambiwa kwamba hadi 4 inaruhusiwa. Hamkudanganywa. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4 kwa sababu mikoa kama yetu haikuwa na maji mengine. Leo kiwango cha taifa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Kwa kipimo cha zamani kisima hiki kingepita. Kwa kipimo cha leo kimezidi mara mbili na zaidi.

Floraidi haikuletwa na mtu. Imo ndani ya mawe ya volkano ya Mlima Meru, na maji yanayokaa muda mrefu ndani ya mawe hayo huiyeyusha. Kitu ambacho kingeizuia ni chokaa. Pale penye kalsiamu nyingi majini, floraidi hushikana nayo ikawa jiwe na kubaki chini. Maji yetu yana kalsiamu kidogo sana. Akina mama mnalijua hilo kwa mikono yenu, ingawa hamkuambiwa hivyo: sabuni hutoa povu jingi kwa kipande kidogo. Povu hilo linasifiwa, na kweli ni faida ya kufulia, lakini katika nchi hii ya volkano mara nyingi ni dalili kwamba hakuna chokaa ya kuikamata floraidi. Si kila maji yenye povu yana floraidi, kwa hiyo povu halichukui nafasi ya kipimo.

Athari yake mnaiona kwenye meno. Ile rangi ya kahawia, na vishimo vidogo kama vilivyochongwa na sindano, si uchafu wala kukosa mswaki. Jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi tangu mtoto ni mchanga hadi kama miaka minane, na floraidi ikizidi katika miaka hiyo, gamba la jino hutengenezwa vibaya kabla halijaota. Likishaota hivyo, hakuna dawa ya kulifuta. Mtu mzima mwenye meno mazuri hataharibika meno kwa kunywa maji haya leo. Kwake hatari ni ya mifupa, kwa kunywa miaka mingi: maumivu ya viungo, kisha kukakamaa kwa mgongo na magoti. Kwa hiyo kama maji salama ni machache, yaende kwanza kwa wenye umri wa chini ya miaka minane.

Turudi kwenye kuchemsha. Chukueni lita 10 za maji haya, muyachemshe hadi zibaki 9. Lita moja iliyopaa ni maji matupu. Floraidi yote imebaki sufuriani, na sasa kila lita ina miligramu 4. Uji wa mtoto unaochemka polepole huku ukiongezewa maji ya kisima kila ukikauka, unakusanya zaidi. Ndiyo maana nasema maji salama ya mtoto ni ya kunywa na ya kupikia, yote mawili. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji haya, na hii ni sababu nyingine ya kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine miezi sita ya mwanzo.

Na kuna magadi. Makande na maharage magumu hapa huivishwa kwa magadi, na magadi ya kanda hii mara nyingi yamejaa floraidi kuliko maji yenyewe. Nyumba inayonywa maji ya mvua na kupika kwa magadi bado inamlisha mtoto floraidi. Lowekeni maharage na mahindi usiku mzima, mwageni maji ya kulowekea, kisha mpike bila magadi. Kuni zitaongezeka kidogo, najua, na kuni ni gharama. Basi hata kama watu wazima wanaendelea nayo, chungu cha watoto kisitiwe.

Maji ya mvua ya bati karibu hayana floraidi, na si lazima myanywe peke yake. Ndoo tatu za mvua kwa ndoo mbili za kisima: zidisheni 3.6 kwa 2, gawanyeni kwa 5, mnapata 1.44. Mmeshaingia ndani ya kiwango. Tuchukue nyumba ya watu sita, lita 5 kwa kila mtu za kunywa na kupikia. Ni lita 30 kwa siku, na kati ya hizo mvua ni 18. Kiangazi cha siku 120 kinahitaji lita 2,160 za mvua, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 linakaribia kuwavusha. Bati la mita za mraba 30 kwenye mvua za jumla ya milimita 100, tukitoa moja ya tano inayopotea, linatoa lita 2,400. Mvua za masika zinapita hapo kwa mbali. Maji ya kwanza baada ya ukame yaachwe yaoshe kinyesi cha ndege na vumbi, kisha ndipo mfereji uelekezwe tangini. Na maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa, maana mvua haina floraidi lakini vijidudu vya paa inavyo. Mnachemsha kwanza, ndipo mnapima ndoo tatu kwa mbili.

Kwa wasio na bati wala tangi, ipo njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo imefanyiwa kazi miaka mingi hapa hapa mkoani, kwenye kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto. Mkaa wa kuni haufanyi kazi hii kabisa, msijaribu. Hata wa mifupa unategemea uchomaji: ukibaki mweusi haukuiva na utatia maji harufu na rangi, ukiwa mweupe umeungua kupita kiasi na hautashika floraidi vizuri, na unaotakiwa ni wa kijivu. Kasoro yake kubwa ni kwamba chujio likishiba halitoi ishara yoyote. Maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu huku floraidi ikipita yote. Kwa hiyo asinunue mtu chujio bila mpango wa kupima maji yanayotoka, mara moja kila mwezi.

Mama mmoja ameuliza kama kisima kifungwe. Hapana. Kufulia, kuoga, kuosha vyombo, hayana tatizo la floraidi, kwani haiingii kwa ngozi. Mkikifunga, watu watakwenda mtoni, na mto una vijidudu kuliko hapa. Kijana mwingine ameuliza kama kuchimba zaidi kutasaidia. Katika mawe haya mara nyingi kwenda chini kunaongeza floraidi, kwa sababu maji ya chini yamekaa na mwamba muda mrefu zaidi. Jumuiya ikitaka chanzo kipya, iombe wakala wa maji vijijini, RUWASA, wapime kwanza chemchemi za juu, na ipewe majibu ya floraidi kabla ya kutoa hata shilingi ya bomba.

Kilichobaki ni ratiba. Ufa uzibwe wiki hii. Dawa itiwe siku ya nane. Sampuli ya vijidudu ichukuliwe siku saba baada ya klorini kuisha kabisa, kwa maana ikichukuliwa mapema dawa iliyobaki itaua vimelea ndani ya chupa na karatasi itasema safi. Nyingine ichukuliwe baada ya mvua kubwa ya kwanza, na hiyo ndiyo itakayosema kama kiraka cha fundi kimeshika. Floraidi na naitreti zipimwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Nakala ya karatasi hii naiacha kwa katibu wa jumuiya, na ile mistari mitatu nimeizungushia kalamu nyekundu.